Kutoka Maharage ya Juni hadi Mahindi Mabichi: Hesabu ya Mkulima wa Kasulu na Kibondo

Katika nyanda za juu za Kigoma, njaa huja pamoja na mvua. Mgeni anayepita Kasulu au Kibondo mwezi wa Desemba huona kijani kila upande na kudhani watu wameshiba. Ukweli ni kwamba kilichoko shambani bado hakiliki. Ghala zimekaribia kuwa tupu, mahindi ni ya kimo cha goti, na kazi ya kupalilia inadai nguvu kuliko mwezi mwingine wowote. Fedha iliyoingia Juni na Julai imekwisha kuondoka, na mara nyingi mwenye nyumba hawezi kueleza imekwenda wapi.

Swali la mkulima wa huku kwa kawaida huulizwa hivi: nikipata fedha ya mavuno kwa mkupuo, niiwekeze wapi? Nadhani swali hilo lina lingine mbele yake, nalo ndilo linaloamua kila kitu: ni kiasi gani cha fedha hiyo ambacho hakina mwezi unaokidai? Mpaka hilo lijibiwe, kiwanja, pikipiki na mbuzi ni mipango iliyojengwa juu ya fedha ya chakula.

Tuanze na kalenda yenyewe. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili au Mei. Maharage hulimwa mara mbili ndani ya mvua hizo. Ya kwanza hupandwa mwanzoni mwa mvua, mara nyingi pamoja na mahindi, na kuvunwa Desemba na Januari. Ya pili hupandwa Februari na Machi, na kuvunwa Mei na Juni. Mavuno ya kwanza hukauka kwa shida kwa sababu yanatoka mvua ikinyesha, na sehemu kubwa huliwa nyumbani au kurudishwa shambani kama mbegu. Mavuno ya pili hukutana na jua. Hayo ndiyo yanayopakiwa kwenye malori kuelekea Kahama, Mwanza na Dar es Salaam, na kwa familia nyingi ndiyo mshahara wa mwaka mzima.

Baada ya hapo kuna muhogo ardhini, ndizi kidogo na mboga za bondeni wakati wa kiangazi. Kipindi kigumu ni kuanzia Oktoba hadi mahindi mabichi yaanze kuchomwa, Januari au Februari. Ndani ya kipindi hicho kunaangukia mbegu, mbolea, vibarua wa kupalilia, Krismasi, na shule zinazofunguliwa Januari. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu bado ni vya mzazi.

Mkulima asiye na akiba katika miezi hiyo hulipa kwa njia tatu. Ya kwanza inajulikana: hununua kwa bei ya juu chakula cha aina ileile aliyouza kwa bei ya chini. Ya pili ni kuuza mazao yangali shambani, ule mkataba ambao wakulima wa kahawa wa Kagera huuita butura, ambapo mwenye fedha hulipa leo sehemu ndogo ya thamani ya gunia litakalovunwa miezi ijayo. Ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, ingawa haitajwi sana. Mtu asiye na chakula Novemba huenda kufanya kibarua katika shamba la mwenzake ili apate cha kupika jioni. Jembe lake linapalilia mahindi ya mwingine katika wiki zilezile ambazo yake yanasongwa na magugu. Shamba lililochelewa kupaliliwa hutoa kidogo, na mwaka unaofuata njaa huanza mapema zaidi.

Njia hii ya tatu imepimwa kwa jirani zetu. Nchini Zambia, watafiti Günther Fink, Kelsey Jack na Felix Masiye walitoa kwa familia za wakulima mikopo midogo ya chakula au fedha katika miezi ya njaa, ilipwe baada ya mavuno. Waliopata mikopo walipunguza vibarua vya nje, wakabaki katika mashamba yao, na mavuno yao yakaongezeka kwa takribani asilimia 8. Hawakupewa mbolea wala mbegu mpya. Walichopata ni chakula cha kuwawezesha kubaki shambani kwao. Ndiyo maana nasema gunia la mahindi lililowekwa kwa ajili ya Novemba ni uwekezaji, na kwa mkulima mdogo wa Kibondo huenda ndio unaolipa kuliko mwingine wowote aliofikiria.

Sasa tuje kwenye bei. Utafiti wa Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski, uliopima masoko ya nchi saba za Afrika ikiwemo Tanzania, ulikuta kwamba bei ya mahindi kati ya mwezi wa chini na mwezi wa juu hutofautiana kwa wastani wa theluthi moja hivi. Bungoma, magharibi mwa Kenya, Marshall Burke na wenzake waliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza mapema. Wakulima hao waliuza baadaye, na faida ikaonekana wazi.

Maharage ya Kigoma yana tabia yake. Kwa kuwa yanavunwa mara mbili, mlima wa bei ni mfupi. Mahitaji hupanda Septemba na Oktoba kila mtu anapotafuta mbegu, huendelea Novemba, kisha mavuno mapya ya Desemba na Januari huanza kuishusha bei. Anayeshikilia maharage kwa tamaa ya kupata bei ya Krismasi anaweza kukutana sokoni na maharage mapya ya jirani yake, ambayo pia huiva upesi jikoni. Maharage ya kuuza yatoke kabla ya katikati ya Novemba.

Na kuna miaka ambayo bei haipandi kabisa. Mpaka ukifungwa, au mikoa mingine ikivuna vizuri, gunia la Oktoba huuzwa sawa na la Juni. Kwa hiyo mpango wowote unaotegemea bei kupanda ili familia ile ni mpango mbaya. Upangwe kwa namna ambayo bei ikipanda unapata ziada, na isipopanda bado unakula.

Kuhifadhi kwenyewe ni kazi yenye hatua zake. Adui wa maharage ni fukusi, mdudu mdogo anayetaga mayai shambani kabla ya kuvuna, hivi kwamba gunia linaloonekana safi Juni tayari lina mayai ndani. Ukiona matundu ya duara kwenye punje, kizazi cha kwanza kimeshatoka na cha pili kinaendelea. Kwa mahindi kuna dumuzi, aliyeingia nchini kupitia mkoa jirani wa Tabora miaka ya mwisho ya 1970 na kuenea nchi nzima. Mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje, huwaua wote wawili bila dawa kwa kuwanyima hewa. Lakini lazima itumiwe ipasavyo.

Maharage yakaushwe kwanza juu ya turubai. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje hadi robo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa, kisha acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, bado kuna maji mengi. Isipogandamana, ongeza hata hivyo siku mbili za jua, kwa sababu kipimo hiki kinaonyesha tu kwamba umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na unachotaka ni karibu na 13. Punje kavu ukiing'ata huvunjika kwa mlio, haibonyei.

Kabla ya kujaza, puliza hewa ndani ya kila tabaka la plastiki uone kama linavuja. Jaza la ndani, kamua hewa, sokota shingo, funga, ikunje na kuifunga tena. Fanya vivyo hivyo kwa la pili, kisha kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kwa majuma kadhaa ya kwanza. Nyumba inayochota maharage ya kula kila siku kutoka mfuko wa kuuza huwarudishia wadudu hewa. Mfuko wa kula uwe mmoja, na wa kuuza uwe mwingine.

Tuchukue sasa nyumba moja ya mfano katika vilima vya Kasulu na tuihesabie. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke za soko lake. Familia ya watu sita imevuna Juni magunia 10 ya maharage ya kilo 100 kila moja, yaliyopimwa kwa mizani na si kwa lumbesa. Ghalani kuna magunia manne ya mahindi. Gunia moja la maharage ni la mbegu na moja la kula. Yanabaki manane. Bei ya Juni tuseme ni shilingi 1,500 kwa kilo.

Wengi wangeuza yote manane na kushika shilingi 1,200,000 kwa siku moja. Familia yetu inauza matano tu na kupata 750,000. Matatu yanaingia kwenye mifuko ya PICS, ambayo tuseme yote inagharimu 15,000.

Zile 750,000 zinagawanywa kwa miezi. Madeni na michango ya kijamii iliyokwisha kuahidiwa ni 100,000. Familia inakula kilo 60 za mahindi kwa mwezi, hivyo Juni hadi Januari inahitaji kilo 480, nayo ina 400. Inanunua gunia moja sasa hivi kwa 60,000, badala ya kulitafuta Januari kwa 100,000. Mbolea na mbegu za mahindi zinatengewa 200,000. Shule ya Januari inatengewa 120,000. Chumvi, sabuni, mafuta, kusaga na dawa ndogondogo ni 40,000 kwa mwezi, yaani 160,000 kuanzia Juni hadi Septemba. Ongeza mifuko ya 15,000, jumla ni 655,000. Zinabaki 95,000, na hizo ni za ugonjwa.

Kwa maneno mengine, katika fedha ya Juni hakuna hata shilingi moja ya kuwekeza. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa sababu Juni ndio mwezi ambao mtu hujisikia tajiri, na wauzaji wa pikipiki, bati na viwanja wanaijua Juni kama anavyoijua mkulima.

Oktoba inafika. Bei ikiwa imepanda hadi 2,000, magunia matatu yanaleta 600,000. Vibarua wa kulima na kupalilia wanachukua 150,000, matumizi ya Oktoba hadi Januari 160,000. Zinabaki 290,000. Hizo ndizo za kuwekeza: kidogo zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mauzo yote ya mwaka. Bei ikibaki 1,500, magunia yaleyale yanaleta 450,000 na zinabaki 140,000. Bei ikishuka hadi 1,300, zinabaki 80,000. Katika hali zote tatu familia imekula, imepalilia shamba lake na kupeleka watoto shule. Mpango uliopimwa kwa bei mbaya namna hii ndio ninaouamini.

Kuna anayeuliza kama anaweza kukopa ili asiuze hata yale matano. Inategemea riba. Kutoka 1,500 hadi 2,000 kwa miezi minne ni ongezeko la theluthi moja, yaani karibu asilimia 8 kwa mwezi. Vikundi vingi hutoza hadi asilimia 10 kwa mwezi. Kukopa kwa riba hiyo ili kushikilia maharage ni kufanya kazi kwa ajili ya mkopo. Mkopo wa benki wa kilimo usiozidi asilimia 10 kwa mwaka, kama ule ambao Benki Kuu iliuwekea mazingira mwaka 2021, hesabu yake ni tofauti kabisa, ila wengi hukwama kwenye dhamana. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilikusudiwa kuziba pengo hilo kwa kuufanya mzigo ulioko ghalani uwe dhamana, na ushirika ambao una ghala lililosajiliwa ndio wa kwanza kuulizwa.

Suala lingine ni mahali pa kuiweka fedha iliyotengwa. Fedha taslimu nyumbani huitwa na kila shida ya ukoo, na si rahisi kumnyima shangazi aliyekuja na mgonjwa huku unajua kwamba iko ndani. Kwa hiyo kile kinachoweza kuwa kitu na kiwe kitu mapema. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waligundua Busia, Kenya, kwamba wakulima waliopewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, kwa punguzo dogo la kuletewa bure, walinunua kwa wingi kuliko waliosubiri msimu wa kupanda. Nia walikuwa nayo. Kilichokosekana ilikuwa fedha iliyosalia. Kwa Tanzania, mbolea ya ruzuku iliyoanza Agosti 2022, ambapo mfuko wa DAP wa kilo 50 uliuzwa kwa 70,000, hununuliwa kwa namba ya usajili wa mkulima. Hakikisha usajili wako kwa ofisi ya kijiji ungali sawa kabla ya Agosti, na ununue ruzuku ikifunguliwa, si mvua ikianza.

Kwa fedha ya shule, kikundi cha hisa au VICOBA kinafaa, kwa sababu sanduku lenye kufuli tatu hukataa kwa niaba yako. Utaratibu wa hisa unaoruhusu mwanachama kununua moja hadi tano kwa kikao unamfaa mkulima hasa: anunue tano Juni hadi Agosti, na moja katika miezi migumu. Vikundi vinavyotaka kiwango kilekile kila wiki huwafukuza wakulima wakati wanapovihitaji.

Lakini kikundi kina udhaifu ambao viongozi wake hawausemi. Kama wanachama wote ni wakulima wa maharage, Julai sanduku limejaa na hakuna anayekopa, Novemba wote wanakopa na sanduku ni tupu. Kikundi chenye mama lishe, fundi cherehani, mwalimu na mwenye duka, ambao kalenda zao si ya mvua, huwa na fedha Novemba. Na tarehe ya kuvunja kikundi ni muhimu kuliko riba. Vikundi vinavyogawana katikati ya Desemba huweka fedha mikononi mwa watu wiki moja kabla ya sikukuu, baada ya mbegu kupandwa na kabla ya shule. Mgao wa mwisho wa Septemba unakuta mbegu na vibarua. Mgao wa kwanza wa Januari unakuta shule.

Zile 290,000 sasa. Kipimo changu ni kimoja: kitu kitakachonunuliwa kilete fedha au chakula kati ya Oktoba na Januari, kwa sababu hapo ndipo kila shilingi ina thamani kubwa zaidi. Muhogo uliopandwa Novemba huwa tayari mwaka unaofuata na kuendelea kukaa ardhini kama ghala, ila ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mizizi huku majani yakionekana mazima. Ng'oa mashina mawili matatu kutoka pembe tofauti na uyakate. Ukikuta madoa makavu ya kahawia, vuna upesi na usichukue pingili hapo. Migomba huleta mikungu mwaka mzima. Bonde la kukodi wakati wa kiangazi huleta nyanya na kabichi kuelekea Oktoba, kwa bei inayoyumba sana.

Mbuzi ni wazuri kama ziada, na wabaya kama bima pekee. Utafiti wa Marcel Fafchamps, Christopher Udry na Katherine Czukas nchini Burkina Faso ulionyesha kwamba kuuza mifugo kulifidia, kwa juu kabisa, asilimia 30 tu ya kipato kilichopotea kwa ukame. Wakati wa shida kila mtu anauza, na bei huanguka. Matofali na bati ni akiba halali kwa anayejenga, lakini hakuna anayeyanunua kwa haraka Desemba. Hatifungani za serikali huanzia shilingi 1,000,000, hivyo familia yetu itazifikia baada ya misimu kadhaa, isipokuwa ikitumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, inayopokea kiasi kidogo zaidi.

Kama uko katika kikundi Kasulu au Kibondo, leta hoja moja katika kikao cha Juni, kabla ya fedha kutawanyika: mgao wetu ni tarehe ngapi, na siku hiyo shamba litakuwa linadai nini? Wanachama wakishindwa kujibu, badilisheni tarehe siku hiyohiyo.